Pesa Imeingia, Lakini ni ya Oda Ipi?

Wiki ya kufungua shule mwezi Januari ndiyo wiki ya heka heka kwa washonaji wa sare. Tuchukue duka la Majengo, Mombasa, la aina ambayo wengi wetu tunaijua: vyerehani vinne, mafundi wawili watatu, na dada mmoja anayepokea oda kwa WhatsApp. Seti ya shati na kaptula ya mtoto wa darasa la nne ni shilingi 1,850. Wazazi wanaagiza kwa simu, wanalipa kwa M-Pesa, kisha wanamtuma mtu wa bodaboda kuchukua mzigo. Jumatatu saa nne asubuhi, stetimenti ya malipo ina mistari mitatu ya shilingi 1,850, yote imeingia ndani ya nusu saa. Daftari la oda nalo lina oda saba za bei hiyohiyo zinazosubiri kulipwa. Pesa hizi tatu ni za oda zipi kati ya zile saba?

Wenye maduka wengi hulijibu swali hili kwa kuuliza. Wanawapigia wazazi, wanaomba wapigwe picha ya ujumbe wa malipo, wanapekua meseji moja baada ya nyingine. Kwa oda tano kwa siku kazi hiyo inawezekana. Zikifika hamsini, dada wa oda anakuwa mpelelezi kutwa nzima, na mama aliyelipa tangu saa mbili anaambiwa saa nane kwamba pesa yake haionekani. Mama huyo hana kosa, na dada naye hana kosa. Kinachokosekana ni nambari fupi ambayo ingesafiri pamoja na pesa na kutaja oda yake.

Kwa nini kiasi, jina na simu havitoshi

Kiasi hakitoshi kwa sababu bei hujirudia. Duka la sare lina bei chache tu, na hivyo ndivyo ilivyo kwa muuza keki, msambazaji wa gesi na mwenye nyumba za kupanga. Kadiri biashara inavyopanga bei zake vizuri, ndivyo malipo yake yanavyofanana.

Jina nalo lina udhaifu wake, kwa kuwa mara nyingi anayelipa siye aliyeagiza. Mama ameagiza, baba yuko kazini Nairobi ndiye anayetuma pesa. Au mjomba ameahidi kumvalisha mtoto mwaka huu, na yeye analipa kwa laini yake. Au mama mwenyewe anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la dada yake. Oda imeandikwa jina moja, pesa imekuja kwa jina jingine, na hakuna kitu kwenye stetimenti kinachoyaunganisha.

Nambari ya simu ndiyo iliyokuwa tegemeo la wengi. Muuzaji aliitafuta kwenye WhatsApp, akaona mazungumzo, mambo yakaisha. Siku hizi tegemeo hilo limepungua nguvu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na taarifa za malipo ya Paybill zinazofika kwenye mifumo ya wauzaji huja na simu ya mlipaji ikiwa imefichwa katikati: tarakimu za mwanzo, nyota kadhaa, kisha tarakimu za mwisho. Hilo ni jema kwa mlipaji, kwa sababu si kila anayepokea pesa yake anastahili kubaki na simu yake. Lakini muuzaji aliyejenga hesabu zake zote juu ya nambari ya simu inabidi atafute njia nyingine. Na hata simu ikionekana yote, ni ya mlipaji, ambaye tumekwisha kuona kwamba huenda si mwenye oda.

Kwa hiyo kitambulisho cha kutegemewa ni kile ambacho muuzaji mwenyewe amekitoa, kwa oda moja, na mteja akakirudisha pamoja na pesa.

Nafasi ya kuandika nambari iko wapi

Hapa ndipo wengi hukwama kabla hata ya kuanza, kwa sababu si kila njia ya kulipa ina mahali pa kuandika chochote. Kwenye Lipa na M-PESA, mteja anayechagua Pay Bill huulizwa nambari ya biashara, kisha Account Number, kisha kiasi, kisha nambari ya siri. Ile Account Number ndiyo nafasi yetu. Anayechagua Buy Goods, yaani kulipa kwa Till, huulizwa nambari ya Till na kiasi tu. Pochi la Biashara nayo haina nafasi hiyo. Muuzaji wa Till anaweza kumsihi mteja mchana kutwa aandike nambari ya oda, na mteja hatakuwa na pa kuiandika.

Wafanyabiashara wadogo wanaipenda Till, na wana sababu: mteja hakatwi ada anapolipa. Kwenye Paybill, biashara huchagua ni nani atakayebeba ada, yeye, mteja, au wagawane. Kwa anayeuza dukani, mteja akiwa amesimama mbele yake, Till inatosha kabisa, kwa sababu pesa na mzigo vinapishana papo hapo. Kwa anayeuza kwa simu, ambapo malipo hutangulia mzigo kwa saa au siku, Paybill inarudisha gharama yake kwa nafasi hiyo moja tu ya Account Number.

Kuna mtego mwingine. Biashara nyingi hupokea pesa kupitia Paybill ya benki, kama 247247 ya Equity au 522522 ya KCB. Pale Account Number tayari ina kazi: mteja huandika akaunti ya benki ya muuzaji, ili benki ijue pesa ni ya nani. Nafasi ya oda imekwisha kuliwa. Baadhi ya benki huruhusu mteja aweke alama ya reli, yaani #, baada ya akaunti kisha aongeze neno au nambari, na shule hutumia njia hiyo kupata nambari ya mwanafunzi. Kabla ya kuwaambia wateja wafanye hivyo, uliza benki yako kama inaruhusu, kisha tuma shilingi kumi mwenyewe na uangalie kama maneno yaliyo baada ya # yanafika kwenye taarifa yako.

Aliye na Till na hataki kuhama ana hila moja inayofanya kazi kwa oda chache: kuifanya bei yenyewe iwe nambari. Badala ya kuwaambia wote 1,850, wa kwanza anaambiwa 1,849, wa pili 1,848, wa tatu 1,847. Mteja anapata punguzo la shilingi chache, na muuzaji anapata malipo yasiyofanana. Hila hii inakufa mara mteja anapozungusha hesabu na kutuma 1,850 kamili, na haivuki oda nane au kumi zinazosubiri kwa wakati mmoja.

Nambari nzuri inatengenezwaje

Duka letu la Majengo limeamua kuchukua Paybill yake. Sasa linahitaji nambari za oda. Wengi huanza kwa kutunga kitu kama SARE/JAN/MAJ-0137, kwa kuwa kinapendeza kwenye daftari. Kwenye simu ya mteja hicho ni kisa. Lazima abadilishe kibodi mara kadhaa, hajui kama O ni herufi au sifuri, na wa pili akiruka mstari mmoja, nambari haifanani tena na ya kwenye daftari. Kuna pia kikomo cha mfumo: muuzaji akija kutumia ombi la malipo linalojitokeza lenyewe kwenye simu ya mteja, nambari ya oda inayoingia humo haipaswi kuzidi herufi 12.

Nambari nzuri ni ya tarakimu tupu na ni fupi, nne au tano. Haitumiki tena kwa oda nyingine, hata ya mteja yuleyule. Na ina kitu kimoja kinachosahaulika: tarakimu ya ukaguzi, yaani tarakimu ya mwisho inayotokana na zile zilizotangulia, ili kosa la kuandika lijifichue lenyewe.

Tuitengeneze. Oda ni ya 4137. Tarakimu ya kwanza izidishe kwa 5, ya pili kwa 4, ya tatu kwa 3, ya nne kwa 2. Tunapata 20, 4, 9 na 14, jumla 47. Gawanya 47 kwa 11: inaingia mara nne, inabaki 3. Hiyo 3 ndiyo tarakimu ya ukaguzi, na mteja anapewa 41373. Ikitokea baki ni 10, kama inavyotokea kwa 4135, oda hiyo inarukwa na kuchukuliwa inayofuata, kwa sababu tunataka tarakimu moja tu.

Kwa nini 11 na si 10? Kwa sababu 11 haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe, na hesabu hii hukamata makosa mawili ambayo vidole vya binadamu hufanya zaidi: kukosea tarakimu moja, na kugeuza mbili zilizo jirani. Mteja akiandika 41733 badala ya 41373, hesabu inaleta jumla 51 na baki 7, wakati tarakimu ya mwisho inasema 3. Nambari imejifichua. Haijalishi ni tarakimu ipi iliyokosewa au ni jirani zipi zilizogeuzwa; makosa ya aina hizi mbili yote yanaonekana.

Hakuna haja ya kuhesabu kwa mkono. Kama oda zinaandikwa kwenye jedwali la kompyuta au la simu, na nambari ya tarakimu nne iko kwenye kisanduku A2, fomula hii inaleta baki:

```
=MOD(5*INT(A2/1000)+4*MOD(INT(A2/100),10)+3*MOD(INT(A2/10),10)+2*MOD(A2,10),11)
```

Ikileta 10, ruka oda hiyo. Ikileta nyingine yoyote, ibandike mwisho wa nambari.

Namna ya kuomba

Mteja hawezi kuandika nambari ambayo hakuiona kwa wakati wake. Kosa la kawaida ni kutuma maelezo ya malipo siku ya kuagiza, juu kabisa ya mazungumzo, kisha kutarajia mteja ayakumbuke siku tatu baadaye baada ya kutumiana picha za vitambaa na vipimo vya kiuno. Nambari inatakiwa iwe ujumbe wa mwisho anaouona kabla ya kufungua M-Pesa, na katika ujumbe uleule kiasi chake kitajwe.

Ujumbe wa duka letu unaweza kuwa hivi: "Mama, sare ya kijana iko tayari. Jumla ni KSh 1,850. Lipa kwa Paybill yetu uliyo nayo hapo juu. Kwenye Account Number andika nambari ninayokutumia sasa hivi, hiyo tu, bila jina. Ukimpa mtu mwingine alipe, tafadhali mpelekee na nambari." Kisha unafuata ujumbe wa pili, wenye tarakimu tano na si kitu kingine:

"41373"

Kutenganisha kuna maana. Kwenye WhatsApp, mtu akibonyeza ujumbe kwa muda na kunakili, ananakili ujumbe mzima. Kama nambari imo katikati ya aya, itabidi aikariri au aiandike kwenye karatasi, na hapo ndipo 41373 inapogeuka 41733. Ikiwa peke yake, anainakili na kuibandika kwenye app bila kuigusa. Mwenye simu ya kitochi hana pa kubandika, lakini naye anafaidika, kwa sababu anasoma tarakimu tano tupu badala ya kuzitafuta kwenye maneno.

Sentensi ya "ukimpa mtu mwingine alipe" ndiyo inayookoa oda nyingi zaidi. Baba wa Nairobi hapati maelezo yote. Anapata "nitumie elfu moja mia nane hamsini ya sare kwa hii Paybill", na akifika kwenye Account Number anaandika kinachomjia: jina la mtoto, "sare", au nambari ya Paybill kwa mara ya pili. Ujumbe wa tarakimu tano tupu anaweza kupelekewa kama ulivyo.

Mteja pia ana namna ya kujihakikishia. Ujumbe wa M-Pesa unaomrudia baada ya kulipa Paybill husema pesa imetumwa kwa biashara fulani `for account`, ikifuatiwa na kile alichokiandika. Mwombe asome hapo tu. Tarakimu tano zikilingana na alizopewa, hana haja ya kupiga simu wala kutuma picha.

Asubuhi moja ya kuoanisha

Turudi kwenye mistari yetu mitatu, safari hii ikiwa na nambari. Kwenye stetimenti ya tovuti ya M-Pesa ya biashara kuna safu nyingi, lakini kwa kazi hii tunahitaji tatu: Receipt No., ambayo ni kodi ya herufi na tarakimu kumi ya kila muamala. Paid In, ambayo ni kiasi kilichoingia. Na A/C No., ambayo ni kile alichokiandika mteja. Mstari wa kwanza una 41397. Wa pili una 41043. Wa tatu umeandikwa "sare".

Wa kwanza ni mwepesi. 41397 inapita hesabu ya ukaguzi, oda hiyo iko wazi, na bei yake ni 1,850 kama iliyoingia. Masharti yote matatu yametimia, kwa hiyo oda inawekewa alama ya kulipwa na kodi ya Receipt No. inaandikwa pembeni yake. Hakuna wa kupigiwa simu. Masharti hayo yanakwenda pamoja, kwa sababu tarakimu ya ukaguzi peke yake si ushahidi: nambari ya kubahatisha inaweza kuipita takriban mara moja katika kila kumi na moja.

Wa pili unakwama. 41043 inaleta jumla 32 na baki 10, si 3. Mteja amekosea kuandika, lakini kosa lake lina umbo. Tukigeuza tarakimu jirani, mbili mbili, tunapata nambari nne: 14043, 40143, 41403 na 41034. Tukizipitisha kwenye hesabu, moja tu inapita, nayo ni 41403, oda iliyo wazi ya shilingi 1,850. Bila shaka ndiyo, lakini isiwekewe alama kimyakimya. Dada wa oda anamwandikia mwenye 41403: "Mama, umelipa leo asubuhi? Nisomee kodi ya M-Pesa tafadhali." Kodi ikifanana na ya kwenye stetimenti, mambo yamekwisha. Tazama mpangilio wa swali lenyewe: mteja ndiye anayesoma kodi, na muuzaji ndiye anayelinganisha. Muuzaji akianza kusema "nimeona 1,850 ya saa tatu na nusu", amempa yeyote anayesikiliza kila anachohitaji kudai pesa ya mwenzake.

Wa tatu, "sare", haueleweki. Haupewi oda yoyote kwa kukisia. Unaingia kwenye orodha ya pesa zisizojulikana, iliyo kando na mauzo, na unabaki hapo hadi mwenyewe ajitokeze. Kwa kawaida hujitokeza siku hiyohiyo, akiwa na hasira: "Dada, nimelipa tangu asubuhi na hamnijibu." Ombi ni lilelile la kodi ya herufi kumi. Orodha hii ni ndogo, na ndiyo maana ya kazi yote: badala ya kuwahoji watu saba, anahojiwa mmoja.

Kuna mistari mingine miwili ambayo duka letu litaiona kabla wiki haijaisha. Mmoja una 41361, nambari sahihi kabisa, ila ya oda iliyolipwa na kuchukuliwa wiki iliyopita. Mama amerudi kununua sare ya mtoto wa pili na akapanda juu kwenye mazungumzo, akachukua nambari ya zamani. Hesabu ya ukaguzi haiwezi kuliona hilo. Sharti la oda kuwa wazi ndilo linalolikamata. Mwingine una 41415 lakini umeingia na shilingi 3,700, kwa sababu mzazi amelipa seti mbili kwa mkupuo. Hapo nambari iko sawa na kiasi hakiko, na muuzaji anamuuliza mzazi oda ya pili ni ipi kabla ya kuigawa. Malipo ya nusu nusu huenda vilevile: nambari ileile inatumika kila mara hadi jumla itimie, na deni lililobaki linatajwa kwenye kila ujumbe.

Pale ambapo nambari inalinda pesa

Nambari ya oda haizuii ulaghai wote, na muuzaji asije akalala akidhani imemaliza. Ujumbe wa M-Pesa wa kughushi unaweza kubeba nambari sahihi ya oda, kwa kuwa mlaghai mwenyewe ndiye aliyeagiza. Ndiyo maana mzigo hutolewa kwa kilichoonekana kwenye stetimenti ya biashara, si kwa ujumbe au picha ambayo mteja anaonyesha, hata akiwa jirani.

Pale nambari inapolinda kweli ni kwenye marudisho. Mtu anapiga simu: "Nimetuma kwenu kimakosa, nirudishieni kwa laini hii nyingine." Kama pesa ina nambari ya oda iliyo wazi, na oda hiyo ina mwenyewe anayesubiri mzigo, kuna maswali ya kuuliza kwanza. Na hata ikithibitika kwamba ni kosa la kweli, pesa irudishwe kwa utaratibu wa M-Pesa wa kurudisha muamala, ili irudi ilikotoka. Mteja huanzisha ombi kwa kutuma ujumbe wake wa M-Pesa kwenda 456, na pesa ya Paybill hairudi mpaka mwenye biashara akubali. Kuituma upya kwa laini nyingine ni kuwa tayari kuilipa mara mbili.

Biashara ikikua

Oda zikifika mia kwa siku, kazi ya kupitia stetimenti haifai kufanywa na mtu. Safaricom inawaruhusu wenye Paybill kuunganisha mifumo yao na M-Pesa kupitia Daraja, na kuna njia mbili za kufanya nambari iwe sahihi kabla pesa haijahama.

Ya kwanza ni uthibitisho. Mteja anapoandika 41733 na kuweka nambari yake ya siri, M-Pesa kwanza inauliza mfumo wa duka kama akaunti hiyo ipo. Mfumo unaweza kujibu ndiyo, au kukataa kwa kodi `C2B00012`, maana yake nambari ya akaunti si sahihi, na pesa inabaki kwa mteja. Huduma hii haiji yenyewe; muuzaji anaiomba. Na kuna uamuzi wa kufanya mapema: mfumo wa duka ukiwa umezima au ukichelewa kujibu, M-Pesa ipokee pesa au ikatae? Kwa duka la sare ni afadhali ipokee, kwa sababu pesa isiyo na oda inatafutwa, lakini mteja aliyekataliwa mara mbili anaweza kwenda kwa jirani. Kwa anayeuza kitu kinachotolewa na mashine papo hapo, kukataa kuna usalama zaidi.

Ya pili ni ombi la malipo linalojitokeza kwenye simu ya mteja, ambapo nambari ya oda na kiasi vimekwisha kujazwa na mteja anaweka nambari ya siri tu. Makosa ya kuandika yanaisha kabisa. Udhaifu wake ni kwamba ombi linakwenda kwa simu moja. Kama mwenye kulipa ni baba wa Nairobi, muuzaji lazima ajue simu ya baba, na baba awe na simu mkononi wakati huo, kwa sababu ombi halisubiri muda mrefu.

Majirani zetu wa Tanzania wamelishughulikia jambo hili kwa malipo ya serikali tangu mwaka 2017, kupitia mfumo unaoitwa GePG. Kila ankara hupewa nambari yake ya tarakimu 12, ambayo watu huiita kontroo namba, na nambari hiyo moja inatosha kumtambulisha mlipaji, huduma na ofisi inayodai. Mtu akilipa ada, ushuru au faini, hahitaji kueleza kitu. Muuza sare hawezi kuwa na mfumo wa ukubwa huo, lakini kanuni yake anaweza kuichukua kama ilivyo: nambari huzaliwa na ankara, hutumika kwa ankara hiyo, na hufa ikilipwa.

Aliyeanza anaweza kupima kama ombi lake linaeleweka. Mwisho wa kila wiki, asome safu ya A/C No. yote, mstari kwa mstari, na ayapange makosa kwa aina yake. Yakiwa mengi ni majina ya watoto, ujumbe hausemi wazi kwamba jina halihitajiki. Yakiwa ni nambari za zamani, nambari mpya inatumwa mapema mno au haitumwi upya. Yakiwa ni nambari ya Paybill iliyorudiwa, mlipaji hakupelekewa ule ujumbe wa pili. Yakiwa ni tarakimu zilizogeuzwa, wengi hawanakili bali wanaandika kwa mkono, na huenda nambari ya tarakimu tano iliandikwa kwenye karatasi ikasomwa vibaya. Kila aina ina sentensi yake ya kurekebisha, na inatosha kurekebisha moja kwa wiki, kisha kuhesabu tena wiki inayofuata.